Tangazo la Kulipa Kwanza

Ukiniuliza leo kazi yangu ya kwanza ilikuwa nini, nitakwambia nilikuwa karani wa intaneti, na wewe utacheka, kwa sababu neno lenyewe halikai vizuri mdomoni. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwishoni mwa miaka ya tisini kulikuwa na kampuni ndogo mjini Kisumu, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na humo ndani mlikuwa na modemu kumi na mbili zilizopangwa kwenye rafu ya mbao, seva moja, feni moja ya kuipoza hiyo seva, na watu watatu. Sisi wafanyakazi tulitokwa jasho, seva ikapepewa.

Watu watatu hao walikuwa bosi, fundi na mimi. Bosi alikuwa kijana wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, mjukuu wa mwenye duka, akiongea Kidholuo cha sokoni vizuri kuliko baadhi yetu. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na nyaya nyingi. Mimi nilishughulikia wateja: kuwaandikisha, kuwaandalia bili, na kuwaeleza kwa upole kwamba ukiinua simu kumpigia shemeji yako wakati kompyuta inatumia laini, intaneti itakatika, na kosa si letu.

Utaratibu wa malipo ulikuwa rahisi. Mteja alipiga simu kwa modemu zetu kwa kompyuta yake, seva ikaandika dakika alizokaa, na mwisho wa mwezi mimi nikajumlisha saa, nikaandika bili, nikaitia kwenye bahasha. Mteja alikuwa na wiki mbili za kulipa. Gharama ya simu yenyewe alilipa kando, kwa shirika la simu. Wengine walilipa siku ya pili. Wengine walikuwa na wiki mbili ndefu sana, zilizofika hadi sikukuu.

Shida ni kwamba bosi mwenyewe hakuwa akikopeshwa. Laini iliyotuunganisha na Nairobi aliilipia miezi mitatu mitatu, mapema, na asipolipa inakatwa bila salamu. Januari ya mwaka ninaousimulia ilikatwa siku mbili. Mji mzima ulitupigia simu, na mimi ndiye niliyekuwa nikizipokea. Siku ya tatu bosi aliingia ofisini macho mekundu, akaniambia niandike tangazo: kuanzia Aprili, kila mtu atalipa kwanza ndipo atumie.

Nililiandika kwa mkono wangu, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na sitasema uongo, nilijiona mwandishi. Tangazo lilisema hivi: bili ya mwisho ya mtindo wa zamani itatolewa tarehe thelathini na moja Machi, na ilipwe kabla ya tarehe kumi na tano Aprili. Kuanzia tarehe mosi Aprili, mteja atanunua saa kumi au saa ishirini, na atazitumia ndani ya siku thelathini. Zikiisha, hataweza kuunganishwa mpaka anunue nyingine. Asiyenunua, sanduku lake la barua litaendelea kupokea hadi tarehe thelathini Aprili, ili asipoteze kitu, na baada ya hapo litafutwa.

Mpaka hapo, hakuna ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote. Niliandika: "Tumelazimika kuchukua hatua hii kwa sababu ya wateja wasiolipa kwa wakati, na samaki mmoja akioza, wote wameoza." Bosi alicheka akasema weka. Tukachapa nakala arobaini na kitu, tukazituma kwa sanduku la posta na nyingine kwa barua pepe, mwanzoni mwa Machi, ili watu wawe na mwezi mzima wa kujiandaa.

Sasa kulikuwa na mteja mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuwa na nyumba yake barabara ya kwenda Dunga. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa miongoni mwa wateja watano wa kwanza kabisa. Nikiipeleka bili yake posta Ijumaa, Jumanne alikuwa mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, noti zimekunjwa ndani ya bahasha yetu ileile. Hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Alisubiri risiti, akaisoma yote, akasema ero kamano, asante ya Kidholuo, akashuka ngazi polepole.

Alitumia intaneti kwa jambo moja tu. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, na huyo binti alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alisoma shule za viziwi huku kwetu, akafanya vizuri, akapata nafasi ya chuo Marekani. Mzazi mwingine angenunua kadi ya simu asikie sauti ya mtoto wake mara moja kwa mwezi. Mwalimu simu haikumsaidia kitu. Barua ya posta ilichukua wiki tatu kwenda na tatu kurudi. Kwa hiyo siku alipokuja kujiandikisha, na fundi akamwonyesha jinsi barua inavyofika ng'ambo kabla chai haijapoa, mzee akauliza kama tuna hakika, kisha akauliza tena. Tangu hapo waliandikiana kila Jumapili, na mara nyingi katikati ya wiki.

Tarehe mosi Aprili, saa mbili unusu asubuhi, Mwalimu alikuja. Nilidhani amekuja kununua saa. Akaweka mezani pesa za Machi, kamili, alizozihesabu mwenyewe kabla bili haijamfikia. Kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki ile modemu tuliyokuwa tumemwazima, waya umezungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Juu yake akaweka tangazo langu. Alikuwa amelisahihisha kwa wino mwekundu. Sentensi ya samaki ilipigiwa mistari miwili, na chini kabisa, ndani ya duara, alikuwa ameandika: nne kwa kumi.

Nilijaribu kucheka. Yeye hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba amelipa kila bili, kwa hiyo angependa kujua yeye ni samaki gani. Nikasema tangazo ni la wote, Mwalimu, si lako peke yako, sheria ni msumeno.

"Kiwanda cha samaki pia kinalipa kwanza?" akaniuliza.

Alikuwa amenishika pabaya. Kiwanda kimoja cha minofu ya samaki kilikuwa mteja wetu mkubwa kuliko wote, na kilikuwa kimekataa kata kata. Mkurugenzi wao alimwambia bosi kwamba kampuni yake hainunui intaneti kama dagaa wa omena, kwa kopo. Bosi akaogopa kuwapoteza, akawaacha walipe mwisho wa mwezi kama zamani. Na kichekesho ni kwamba hao ndio waliokuwa wakichelewa kuliko wote. Mwalimu alikuwa amesomesha nusu ya makarani wa mji huu. Habari ilimfikia kabla wino wa tangazo haujakauka.

Akaomba risiti, akaisoma, akashuka ngazi. Mimi nikakasirika. Nilisema moyoni, mzee gani huyu anasusa intaneti kama mtoto anavyosusa ugali? Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa bado sijui kwamba mtu anaweza kuumizwa na karatasi.

Lakini hasira yangu ilikuwa na adui, na adui huyo alikuwa kioo cha seva. Kila asubuhi nilipitia orodha ya masanduku ya barua kuona yaliyojaa, kwa sababu diski yetu ilikuwa ndogo na sanduku likijaa lilisumbua wengine. Kuifungua barua ya mtu haikuruhusiwa, na sikuwahi kuifungua. Lakini idadi niliiona, na ukubwa wake, na kwenye kumbukumbu za seva niliona zimetoka kwa nani. Tarehe nne, sanduku la Mwalimu lilikuwa na barua moja. Tarehe saba, mbili. Katikati ya mwezi, tano. Zote kutoka kwa anwani moja, ile ya chuo.

Nilimwambia bosi. Akasema anasikitika, na najua alisikitika kweli, lakini akimfungulia mmoja bure atawafungulia wangapi? Nikamwambia kiwanda je? Akaniangalia, akasema kiwanda kikiondoka hatutakuwa na laini ya kumfungulia Mwalimu wala mtu yeyote. Nilitaka kumbishia, lakini nilikuwa nimeona vitabu vya hesabu. Alikuwa anasema kweli, na bado haikuwa haki. Siku hiyo nilijifunza kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa kiti kimoja.

Tarehe ishirini na tano barua zilikuwa tisa. Tena zilikuwa zinapungua ukubwa. Za kwanza zilikuwa ndefu, ukurasa, kurasa mbili. Ya tisa ilikuwa mistari michache tu. Sikuhitaji kuifungua kujua kwamba mtu anayeandika barua fupi namna hiyo ameanza kuogopa.

Tarehe ishirini na nane nikaomba ruhusa ya kutoka mapema. Nilimwomba fundi aninakilie barua zile kwenye disketi, kama zilivyo, bila kuzifungua, nikapakiwa kwenye baiskeli ya boda boda hadi kwa Mwalimu. Nilimkuta nje, akipalilia sukuma wiki kwa jembe dogo, shati jeupe limechomekwa. Alinikaribisha sebuleni. Kompyuta ilikuwa kwenye meza ya kona, imefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na shimo la laini ya simu ukutani lilikuwa limeachwa wazi.

Nilianza na radhi. Nilimwambia ile sentensi ya samaki ni yangu, si ya bosi, na kwamba nilikuwa nikijionyesha. Akatikisa kichwa, akasema hilo alishalijua, kwa sababu bosi si mtu wa methali. Kisha nikampa disketi. Nikamwambia barua za binti yako ziko humu, hakuna aliyezisoma.

Hakuipokea. Akaniuliza, "Nimezilipia?"

Nikasema hapana, Mwalimu, lakini si kitu. Akanirudishia mkono pamoja na disketi yake, taratibu, jinsi unavyomrudishia mtoto wa jirani pipi aliyokupa. Akaniambia nikae. Chai ikaja, na Mwalimu akanieleza.

Alizaliwa Asembo, ng'ambo ya kilima tu kutoka ziwani, na kwenye kituo chao cha biashara palikuwa na duka moja. Mwenye duka, Mhindi, alikuwa na daftari kubwa lenye jalada la kitambaa. Padri wa misheni alikuwa na ukurasa wake. Mnunuzi wa pamba alikuwa na wake. Chifu pia. Hao walichukua sukari, wakaandikwa, wakaenda zao, wakalipa mwezi ukiisha. Lakini baba yake Mwalimu, ambaye hakuwahi kumdhulumu mtu senti, alitakiwa aweke sarafu juu ya kaunta kwanza. Mwenye duka aliifunika kwa kiganja, na ndipo mizani ilipoguswa. Kila siku, miaka yote. Hakuna aliyeona ajabu.

"Halafu nikapata ualimu," akasema. "Mwezi wa kwanza wa mshahara, huyo mwenye duka akaniita mwenyewe. Akafungua ukurasa, akaandika jina langu juu. Mzee wangu alikuja kuangalia. Alikuwa hajui kusoma. Akaniambia nyathina, yaani mwanangu, nionyeshe ni wapi, nikamwonyesha, akaweka kidole hapo. Akakaa nacho hapo."

Alikunywa chai kidogo. Kisha akasema kwamba alipotia sahihi fomu yetu, na mimi nikamwambia utatumia kwanza, bili itakuja mwisho wa mwezi, alienda nyumbani akifurahi kwa jambo ambalo asingeweza kumweleza mtu wa umri wangu. Na sasa, mtu ambaye angeweza kuwa mjukuu wa yule mwenye duka anamwambia arudishe mkono juu ya kaunta, huku kiwanda kikibaki na ukurasa wake.

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Miezi yote ile nilijumlisha saa nikidhani ninahesabu saa tu.

Ningeweza kuondoka hapo. Nilishasimama hata. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo tangazo langu halikuwa limesema, kwa sababu nilipoliandika sikuona kama lina maana, na nilijua nisipomwambia nitakuwa nimemkosea mara ya pili. Nikakaa tena.

Nikamwambia, "Mwalimu, kesho kutwa sanduku lako linafutwa. Baada ya hapo binti yako akiandika, barua haitapotea hivi hivi. Seva yetu itamjibu yenyewe. Itamwambia hapa hakuna mtu mwenye jina hilo."

"Itamwambia nani?"

"Binti yako."

"Kwamba mimi hakuna."

Nikasema ndiyo, ndivyo inavyoandika, kwa kila mtu, mashine haijui. Mwalimu aliangalia ile kompyuta iliyofunikwa. Mke wake alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, jambo hilo sote tulilijua, na binti alipata habari za msiba ule kwa barua ya posta, wiki tatu baada ya mazishi. Kisha Mwalimu alinisindikiza hadi barabarani, akanishukuru kwa kuja, na mimi nikarudi mjini na disketi yangu nikilia kidogo kwenye baiskeli. Mwendesha boda boda akajifanya haoni.

Tarehe thelathini ilikuwa siku ya kazi. Asubuhi nzima nilitega sikio kwenye ngazi. Fundi aliniambia atafuta masanduku saa kumi na moja, ofisi ikifungwa, si kabla. Saa tisa na nusu nikasikia zile hatua za polepole.

Alikuwa amevaa koti lilelile. Bosi alitoka chumba cha ndani mwenyewe na kusimama, na nadhani alitaka kusema neno, lakini Mwalimu hakumpa nafasi. Alitoa noti, akazipanga juu ya meza moja moja, na akaziacha hapo, wazi, mkono wake kando. Niuzie saa kumi, akasema. Nikaandika risiti kabla ya kugusa pesa. Aliisoma yote. Bosi aliweza kusema tu kwamba fundi atampelekea modemu, na mimi nikasema hapana, nitaipeleka mimi.

Tukaenda kwa baiskeli mbili, yake mbele. Nilichomeka waya ukutani, nikaunganisha, tukasikia ile kelele ya modemu inayofanana na mbuzi anayebanwa mlangoni, kisha kimya, kisha barua zikaanza kushuka. Zilikuwa kumi na moja. Nilitaka kutoka nje, lakini alisema kaa, macho yangu haya hayaoni vizuri maandishi madogo, nikikwama utanisaidia. Alisoma kimya kwa mpangilio, kutoka ya kwanza. Alipofika ya mwisho alivua miwani, akanisogezea kioo.

Binti alikuwa ameandika: "Baba, kama umechoka kuniandikia, niambie tu. Nitaelewa. Lakini niambie wewe mwenyewe."

Mwalimu aliyekuwa amesahihisha insha za watu miaka thelathini alitafuta herufi kwenye kibodi kwa kidole kimoja. Aliandika: "Nipo. Nilikuwa na kiburi. Nitakueleza. Wewe uko?" Akatuma.

Kwa mazoea ya kazi nikamwambia sasa akate laini, atunze saa zake, jibu atalichukua kesho. Huko Marekani ilikuwa asubuhi, labda binti yuko darasani. Mwalimu akasema wacha. Akavuta kiti karibu na meza, akakunja mikono, akaangalia kioo. Kila baada ya muda nilimbonyezea kitufe cha kuangalia barua, hakuna, tukangoja, nikabonyeza, hakuna. Dakika zilikuwa zinakwenda, na mimi nilizijua zote kwa sababu kuzihesabu ndiyo kazi yangu. Shirika la simu nalo lilikuwa likihesabu zake.

Ya kumi na mbili iliingia jua likielekea kuzama. Ilikuwa na mstari mmoja. Binti aliuliza: "Umekula nini leo?"

Mwalimu alicheka, kisha akafunika uso kwa viganja vyote viwili na kukaa hivyo. Baadaye akaandika kwamba amekula ugali, sukuma na samaki aina ya ngege, na kwamba ngege alikuwa na chumvi nyingi. Binti akajibu kwamba baba mwenyewe ndiye huwa anatia chumvi nyingi. Wakaendelea hivyo, mstari mmoja mmoja, baba na mtoto ambao hawakuwahi katika maisha yao kuongea wakiwa mbali na kujibiwa papo hapo. Nilipoaga kwenda nyumbani alikuwa ametumia saa mbili kati ya kumi, na hakuniuliza zimebaki ngapi.